Nusu ya Zamu

Gemalyn alijua kuna jambo mara tu baba yake alipopanda ngazi bila kuvua kandambili. Efren alikuwa mpishi katika mgahawa wa supu ya tambi sokoni La Paz, mjini Iloilo, Ufilipino, na kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo hakuwahi kuingia ndani na matope ya soko. Ijumaa hiyo, saa nane kasoro mchana, aliingia nayo hadi kwenye zulia la plastiki, akinuka mchuzi wa mifupa, huku ameshika simu kama ameshika ndege asiyetaka aruke.

"Zimeshuka," alisema. "Tiketi. Kwenda na kurudi, elfu nne na mia sita kila mtu. Safari za Septemba hadi Novemba. Mwisho wa kununua ni kesho."

Gemalyn aliichukua simu. Wiki iliyopita tu tiketi hiyo hiyo, kutoka Iloilo hadi Hong Kong, ilikuwa peso elfu tisa na ushee. Alitazama tarehe walizozikariri tangu mwaka mpya: kwenda Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa Septemba, kurudi Jumanne. Zilikuwepo. Viti vilikuwa bado vipo.

Moyo wake haukuruka kwa furaha.

Tarehe zile hazikuwa za kubahatisha. Mama yake Gemalyn, Nenita, alikuwa akimtunza bibi kizee mmoja huko Hong Kong, na alipokaribia kumaliza mkataba na kurudi nyumbani kwa likizo, yule bibi akapooza upande mmoja. Familia ya bibi ikamwomba Nenita asogeze likizo yake hadi mwaka ujao. Nenita hakuweza kukataa. Basi mumewe na binti zake ndio wangekwenda kwake. Mama alikuwa na mapumziko ya Jumapili tu, lakini mwaka huu Jumapili ya mwisho ya Septemba ilifuatwa na sikukuu ya Jumatatu. Siku mbili mfululizo. Aiza, mdogo wake Gemalyn, alikuwa na miaka saba, na siku mama alipoondoka alikuwa na minne. Alimjua mama yake kwa sauti, na kwa uso wa ukubwa wa kiganja.

"Weka majina," baba alisema. "Mimi vidole vyangu vinabonyeza herufi mbili mbili."

Gemalyn aliketi akaweka majina kama yalivyo kwenye pasipoti, moja baada ya jingine, baba akipumua begani mwake. Mabegi ya kupakia hakuweka, maana yanalipiwa mbali. Wangebeba kilo saba saba za mkononi, na dagaa wa kukaushwa wa mama wangepenya katikati ya nguo. Mwisho kabisa simu iliuliza watalipa vipi. Alichagua kulipa taslimu kwenye dirisha la duka la rehani, ambako watu hulipia pia bili na tiketi. Ikatoka namba ndefu ya kulipia, na chini yake maandishi mekundu: zilipwe kabla ya saa nane na dakika sita mchana wa kesho, la sivyo viti vitaachiwa.

"Haya," baba alisema, akinyoosha mgongo. "Kesho mchana nikitoka kazini unipe zile elfu ishirini, nipitie duka la rehani nilipe. Au ulipe mwenyewe asubuhi?"

"Nitalipa mwenyewe," Gemalyn alisema.

Elfu ishirini hazikuwepo.

Zilitakiwa ziwepo. Tangu Januari Gemalyn alikuwa kwenye upatu wa wanawake wa sokoni: watu kumi, kila mmoja elfu mbili, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea zote. Baba alitoa elfu moja na mia mbili kutoka mshahara wake, Gemalyn akajazia mia nane kutoka duka la kutoa fotokopi alikofanya kazi. Walipopiga kura, Gemalyn alichota karatasi ya zamu ya nne. Aprili. Nyumba nzima ilishangilia, kwa sababu aliyepokea mapema angeweza kuvizia bei ya tiketi ikishuka.

Halafu Aprili, siku tatu kabla ya kupokea, Nang Consing alimjia dukani. Nang Consing aliuza puto, keki ndogo za mchele zinazopikwa kwa mvuke, pembeni mwa lango la soko, na Gemalyn alimwita Nang, yaani dada mkubwa, kama walivyofanya wadogo wote, ingawa angeweza kuwa bibi yake. Mumewe alikuwa na mawe kwenye nyongo, hospitali ilitaka malipo ya kwanza kabla ya kumpasua, na zamu ya Nang Consing ilikuwa ya tisa, Septemba. Hakulia. Alisimama tu mbele ya mashine ya fotokopi huku mikono yake imeshikana, na akauliza kama wangeweza kubadilishana.

Gemalyn alisikia mdomo wake ukisema ndiyo kabla kichwa chake hakijafungua daftari.

Hakumwambia baba yake. Mara ya kwanza alisubiri apate maneno mazuri. Mara ya pili baba alikuwa amechoka. Mara ya tatu mama alikuwa kwenye simu, akauliza, "Pesa ya tiketi iko salama?" na baba akajibu kwa fahari, "Iko kwa Gemalyn, iko salama kuliko benki." Baada ya hapo hakukuwa na maneno mazuri tena.

Jioni hiyo alikwenda kwa Nang Consing. Njiani alipanga atakavyosema: arudishiwe angalau kidogo, hata elfu tano. Alimkuta mume wake ameketi barazani, shati limening'inia mabegani kama limeanikwa, anakunywa uji kwa kijiko.

"Huyu ndiye binti aliyenipa tumbo jipya," mzee alisema. "Kaa, mwanangu. Consing, mletee chochote."

Gemalyn alikaa. Aliuliza habari za mshono. Akaambiwa umekauka vizuri, ila dawa bado zinanunuliwa kidogo kidogo. Akauliza habari za mshono mara ya pili, kwa kuwa hakujua aseme nini jingine. Alirudi nyumbani na puto sita za moto kwenye mfuko wa plastiki, na senti hata moja hakuipata, kwa sababu hakuiomba.

Aiza alikula nne.

"Huko Hong Kong mama anakula puto?" aliuliza.

"Sijui."

"Tutamuuliza. Ate, dada yangu, akiniona atajua ni mimi? Kwenye simu kichwa changu kinaonekana kikubwa."

"Atajua," Gemalyn alisema, akafunga mfuko juu ya puto mbili zilizobaki.

*

Jumamosi saa nne asubuhi wanawake wa upatu walikutana kama kawaida kwenye mgahawa wa Loling, aliyeitwa Manang kwa heshima, mahali pale pale baba alipopika. Loling ndiye aliyeshika daftari la mchezo, kwa kuwa ndiye pekee mwenye meza ndefu na ndiye pekee ambaye hakuna aliyethubutu kumchelewesha. Wateja wa asubuhi walikuwa wamepungua. Nyuma ya kaunta, kupitia dirisha la kupitishia bakuli, Gemalyn alimwona baba yake akikoroga sufuria kubwa, mvuke ukimfunika hadi kofia. Alipomwona alimwinulia nyusi, maana yake: umeshalipa?

Gemalyn alitikisa kichwa: bado.

Akatoa elfu mbili zake, Loling akaziweka juu ya nyingine, akatia alama. Zamu ya Mei ilikuwa ya Nang Pasing. Huyu aliuza nyama ya nguruwe, alikuwa na mikono mipana na ulimi wa kukata mfupa, na watu walikuwa wakinunua kwake ili tu asiwasute kwa kupita bila kununua.

"Elfu ishirini kamili," Loling alisema, akizisukuma mezani. "Pasing, zihesabu hapa hapa. Ukifika nje mimi sikujui."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini. Gemalyn alitazama vile vidole vipana vikilamba noti moja moja. Akasema kitu.

"Nini?" Pasing aliuliza bila kuinua macho.

"Nasema, Nang, samahani. Nilikuwa naomba."

"Ongea, mtoto. Mimi nafanya kazi na shoka, masikio yamekufa."

Basi ikabidi aseme kwa sauti. Alisema kwamba zamu yake ilikuwa ya Aprili, akaibadilisha. Kwamba tiketi za kwenda kwa mama yake zimeshuka tangu jana na zitapanda leo. Kwamba ameshawekewa viti vitatu, na vitaachiwa saa nane na dakika sita. Kwamba anaomba Nang Pasing ampe zamu ya leo, naye achukue ya Septemba.

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria.

Gemalyn hakugeuka. Aliendelea kumtazama Pasing kwa sababu hakukuwa na mahali pengine salama pa kutazama, na Pasing hakuwa mahali salama.

"Zamu yako ulimpa nani?"

Nang Consing, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza, aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi.

"Mimi," alisema. "Ilikuwa ya hospitali."

"Najua ilikuwa ya hospitali, nilimletea mumeo maini." Pasing alimgeukia Gemalyn. "Kwa hiyo wewe uliombwa ukashindwa kusema hapana."

"Ndiyo, Nang."

"Mimi sishindwi. Hapana."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Nina wajukuu watatu wanafungua shule wiki ijayo," Pasing aliendelea, sasa kwa sauti ya chini kidogo. "Sare, viatu, madaftari. Friza langu linavuja damu sakafuni kama kuna mtu kauawa. Elfu ishirini hii ina kazi tangu Januari. Unanielewa? Si roho mbaya."

"Nakuelewa, Nang." Na kweli alimwelewa. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake siku zote, aliwaelewa watu mapema mno. Alianza kuinuka.

"Kaa chini," Loling alisema. "Mwaka jana Tessie na dada yake si waligawana zamu nusu kwa nusu? Pasing, sare na viatu ni peso ngapi?"

"Usinipangie."

"Sikupangii, nauliza."

Pasing alitazama noti zake. Akatazama dari. "Elfu saba. Nane, huyu mdogo anakula viatu."

"Na friza?"

"Friza limevuja mwaka mzima." Akaanza kuhesabu noti upya, safari hii kwenye mafungu mawili. "Nusu. Elfu kumi leo, elfu kumi yako ya Septemba ni yangu. Loling, andika, na huyu atie sahihi, na Consing naye atie sahihi kwa sababu yeye ndiye mwanzo wa mambo. Na Septemba nisianze kukutafuta. Nikianza kukutafuta nitakuja mpaka Hong Kong."

"Nashukuru, Nang."

"Usinishukuru kwa sauti hiyo, hata sikusikii."

Gemalyn alipogeuka, baba yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akifuta mikono kwa aproni. Alikuwa akiifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tangu Aprili?" alisema.

"Ndiyo, Tay," Gemalyn alimjibu baba yake.

"Kila Jumapili mama yako ananiuliza. Kila Jumapili namjibu."

Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Gemalyn alisimama na elfu kumi mkononi, mbele ya meza nzima ya wanawake waliokuwa wamepata ghafla jambo muhimu la kutazama ndani ya vikombe vyao.

"Inahitajika elfu kumi na tatu na mia nane," alisema hatimaye. "Nilifikiri tutumie pesa ya kopo. Zimo elfu tatu na mia tisa, nimeandika. Pesa ya kodi ya usafiri na ya kula huko tutaanza upya kuweka. Miezi minne ipo."

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limetobolewa mdomo juu, nalo lilikaa nyumbani nyuma ya pipa la mchele. Gemalyn alitunza daftari lake, baba alitunza kopo lenyewe. Masikio ya baba, yaliyokuwa mekundu kwa joto la jiko, yaliongeza wekundu.

"Zimo elfu mbili na mia tano," alisema.

"Tay?"

"Rolando, yule mwenye boti, alikuwa na ubatizo wa mtoto. Alikuja na mkewe. Walikuja wote wawili, na mtoto wakaja naye." Aliikunja aproni, akaikunjua. "Alisema atarudisha mwisho wa mwezi."

"Huu ndio mwisho wa mwezi," Pasing alisema kutoka mezani, akifunga noti zake kwa mpira. "Familia nzima ni ile ile. Mtu asiende kwao na mtoto mchanga, watampa nyumba."

Wanawake wakacheka, na baba naye akacheka kidogo, kicheko cha kuumia. Gemalyn hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu. Elfu kumi, na elfu mbili na mia tano. Ilipungua elfu moja na mia tatu. Viti vilikuwa vimeshikwa pamoja kwa namba moja. Usingeweza kulipia viwili na nusu. Wala usingeweza kuviacha ukashike viwili tu, maana bei hiyo huenda ingekuwa imekwisha kabla hujamaliza kuandika jina. Rolando alikuwa baharini akipeleka abiria kisiwani Guimaras, simu yake haikushika. Saa ilisema saa tano kasoro.

Alimtazama baba yake, akaona anamtazama Manang Loling, halafu anatazama sakafu, halafu Loling tena. Alikuwa amemfanyia kazi miaka kumi na moja. Hakuwahi kuomba mshahara mapema, hata mwaka kimbunga kilipoondoa bati. Midomo yake ilifunguka. Ikafumba.

Gemalyn aliona jinsi kilivyo kwa nje, kile kitu kinachomtokea yeye kwa ndani.

"Manang Loling," alisema. "Baba hawezi kusema. Anaomba elfu moja na mia tatu kwenye mshahara wake wa wiki ijayo."

Safari hii alisikika hadi mtaa wa pili. Kwenye meza ya dirishani mteja aliacha kunyonya tambi.

Loling alivua miwani. "Efren, ni kweli unaomba, au ni huyu anayekuombea?"

Baba alivua kofia. "Naomba," alisema.

"Ilikuwa ngumu?"

"Sana, Manang."

"Afadhali. Vitu vya bure mnavisahau." Alifungua droo, akahesabu, akasimama. "Elfu moja na mia tatu. Wiki ijayo nitakukata nusu na wiki ya pili nusu, mle mchele. Na sasa nenda nyumbani kachukue hilo kopo, supu nitakoroga mimi. Mkirudi mkakuta harufu ya kuungua msiniambie."

Walikwenda nyumbani mbio, wakalipasua kopo kwa kisu cha samaki, na sarafu zikatapakaa hadi chini ya kitanda. Aiza alitambaa kuziokota, akiuliza kila mara kama ndiyo tayari wanakwenda. Zilikuwa elfu mbili na mia tano na thelathini. Duka la rehani lilikuwa na foleni ya watu kumi na wanne, wengi wakipokea pesa kutoka nje, na wawili wakiweka pete. Baba na binti walijipanga nyuma yao. Saa sita na nusu. Saa saba na robo. Msichana wa dirishani alipoona sarafu alivuta pumzi, akaanza kuzipanga kumi kumi kwa subira iliyomfanya Gemalyn atake kumpigia magoti.

"Safari njema," alisema, akipiga muhuri. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na moja.

Nje, kwenye jua, Gemalyn alisoma risiti mara tatu. Kisha akafikiri: karatasi za namna hii hufifia. Dukani alikofanya kazi aliona watu wakileta risiti zilizogeuka nyeupe kabisa. Angeitoa fotokopi. Angetoa nne.

"Mwezi wa nane nafika miaka ishirini na moja," alisema. "Nikishafika, ile kodi nafuu ya usafiri ya wenzi na watoto wa wanaofanya kazi nje ya nchi hainihusu. Wewe na Aiza mtalipa mia tatu mia tatu. Mimi elfu moja na mia sita na ishirini. Sikuiweka kwenye hesabu tangu mwanzo."

Baba alifikiri hatua kadhaa. "Kuna kingine hukuniambia?"

"Hapana. Wewe?"

"Hapana." Hatua nyingine. "Kuanzia leo mtu akija kuomba, nitamwambia akuulize wewe."

"Na akija kwangu nitamwambia akuulize wewe, Tay."

"Basi atazunguka mpaka Septemba."

Jumapili mama alipiga simu kutoka kwenye bustani aliyozoea kukaa na wenzake, kelele za watu zikiwa nyuma yake. Aliuliza kama Aiza anakula mboga. Aliuliza kama mvua zimeanza. Halafu, kama kila Jumapili, akauliza kama pesa ya tiketi iko salama.

Baba alimpa Gemalyn simu.

"Haipo, Nay," Gemalyn alimwambia mama yake. "Kuna mambo nitakueleza, usikasirike mpaka nimalize. Lakini tiketi tumelipa jana."

Picha ilitikisika, likaonekana bega la mtu, kipande cha mwavuli, kisha anga. Aiza alichomoza kichwa kati yao, akakileta karibu kabisa na kioo, halafu akakirudisha nyuma, mbali, hadi ukutani.

"Ukubwa wangu ni huu," alisema. "Niangalie vizuri. Zimebaki Jumapili kumi na nane."